Mfuko wa chakula wa mbwa kujaa hewa na kujisokota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wafugaji wa mbwa wakubwa wa Tanga mjini, Pangani, Muheza na mashamba ya mkonge, na kwa madaktari wa mifugo wanaopigiwa simu usiku. Dozi zilizoandikwa hapa ni za daktari. Mfugaji asome hasa majibu mawili ya mwanzo na lile la mwisho.

Mbwa wangu anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Je, ndiyo hali hiyo?

Jemani Shepadi, Dobamani, Rotwaila, Boaboeli, Gireti Deni, au chotara yeyote mwenye kifua kirefu cha kwenda chini, akinyoosha shingo na kujikamua mara kwa mara huku kinachotoka ni ute na povu tu, mchukulie kuwa mfuko wake wa chakula umejisokota hadi daktari athibitishe vinginevyo. Mbwa aliyekula kitu kibaya hutapika chakula. Huyu hawezi, kwa sababu umio umebanwa pale unapoingia kwenye mfuko.

Usisubiri tumbo livimbe ndipo uamini. Kwa mbwa wa kifua kirefu, sehemu kubwa ya mfuko inakaa ndani ya mbavu, hivyo unaweza kujaa sana na tumbo kwa nje likaonekana la kawaida. Weka vidole nyuma ya ubavu wa mwisho, upigepige kwa kidole cha mkono mwingine. Ukisikia mlio wa ngoma, kuna hewa nyingi. Kisha mfunue mdomo, bonyeza ufizi kwa kidole na uachie: rangi inatakiwa kurudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi ukiwa mweupe au wa kijivu, damu haizunguki vizuri na mbwa ameshaingia kwenye shoku. Kutotulia, kulala na kuinuka hovyo, kugeuka kutazama ubavu na kutokwa na udenda mwingi ni dalili zinazotangulia haya.

Nimpe nini nyumbani wakati natafuta usafiri?

Usimpe kitu. Maziwa, mafuta ya kula, magadi, soda, dawa ya kiungulia ya binadamu, vyote hivyo haviwezi kuingia kwenye mfuko uliofungwa, na vinavyoingia vinaongeza ujazo au kumpalia kwenye mapafu. Usimbane tumbo, na usimchome sindano mwenyewe hata kama umeona video ya mtu akifanya hivyo. Mfuko ukijisokota huvuta wengu nao, na mtu asiyejua kutofautisha mlio wa hewa na mlio bubu wa wengu anaweza kutoboa wengu.

Mpigie daktari kwanza, ili akukute na vifaa tayari, halafu mpakie kwenye bajaji au pikapu alale kwa upande anaoupenda mwenyewe. Bodaboda haifai kwa mbwa wa ukubwa huu. Kumbuka saa dalili zilipoanza, maana daktari ataiuliza: zikishapita saa 6 tangu mwanzo, uwezekano wa kukuta ukuta wa mfuko umekufa unaongezeka sana. Kwa hiyo "tutampeleka asubuhi" ndilo kosa linaloua zaidi katika ugonjwa huu.

Tatizo ni tumbo. Kwa nini anazimia?

Kwa sababu mfuko uliojaa unakalia mishipa. Nyuma yake, chini ya uti wa mgongo, unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka miguu ya nyuma na viungo vya tumboni. Mfuko ukivimba unaubana mshipa huo pamoja na ule unaopeleka damu kwenye ini. Moyo unabaki mzima lakini damu ya kusukuma haifiki, basi unajitahidi kwa kudunda haraka huku mpigo ukiwa dhaifu.

Wakati huohuo presha ya ndani ya mfuko inazidi presha ya damu kwenye mishipa midogo ya ukuta wake, na ukuta unaanza kukosa hewa safi. Mfuko ukizunguka, mishipa mifupi iliyo kati yake na wengu inavutika hadi kukatika, na damu inamwagika tumboni. Pia mfuko unasukuma kiwambo cha kifua mbele, mapafu yanakosa nafasi na mbwa anahema juujuu. Kwa hiyo mbwa mmoja ana matatizo matatu kwa mpigo: damu isiyorudi, ukuta unaokufa, na pumzi fupi. Mpangilio mzima wa matibabu unatokana na hapo.

Daktari aanze na dripu au aanze kutoa hewa?

Wakiwa watu wawili, vifanyike pamoja. Daktari akiwa peke yake, aweke kanula kwanza, kwa kuwa presha ya ndani ikishuka ghafla bila maji mishipani, mbwa aliyekuwa anashikilia kwa shida anaweza kuanguka.

Mahali pa kuweka kanula ndipo panapokosewa. Miguu ya nyuma haifai kabisa: maji utakayoyaweka huko yatakwama nyuma ya mshipa uliobanwa na hayatafika moyoni. Tumia miguu yote miwili ya mbele, au shingo. Chagua kanula nene, ya kijani au ya kijivu, maana ile ya pinki inapitisha maji polepole mno kwa mbwa mkubwa. Oksijeni ya mtungi ikiwepo, ielekezwe puani tangu mwanzo.

Tuchukue mfano wa Jemani Shepadi dume wa miaka 8, kilo 36, mlinzi wa nyumba huko Raskazone. Anakula mara moja kwa siku, ugali na dagaa, saa kumi na mbili jioni. Dalili zimeanza saa mbili usiku, amefika saa tatu na nusu. Mapigo ni 176 kwa dakika, mpigo wa pajani hafifu, ufizi umepauka na rangi inarudi baada ya sekunde 3.

Kiasi cha juu cha maji ya shoku kwa mbwa ni mililita 90 kwa kila kilo, kwa hiyo kwake ni mililita 3,240. Huyamwagi yote mara moja. Unampa robo, yaani mililita 810 za Ringa lakteti kwa dakika 15. Hiyo ni chupa moja ya mililita 500 na zaidi kidogo ya nusu ya pili, zikipita kwenye kanula mbili na chupa zikikamuliwa. Dakika 15 zikiisha unapima tena mapigo, ufizi na mpigo wa pajani. Vikiwa havijaridhisha, robo ya pili. Ukiwa na maji ya chumvi kali ya asilimia 7.2, mililita 4 kwa kilo, yaani 144 kwake, zitolewe kwa dakika 5 hadi 10 na kufuatiwa na Ringa. Zinavuta maji kutoka kwenye tishu kuingia mishipani haraka, na zinasaidia pale ambapo mikono ni michache na mbwa ni mzito.

Kwa maumivu, apewe dawa ya jamii ya afyuni inayopatikana. Pethidini ichomwe kwenye msuli tu, kwani ikipita mshipani hushusha presha. Dawa za maumivu za kundi la diklofenaki ziachwe kabisa: figo na ukuta wa mfuko vimeshakosa damu ya kutosha, na hizo zinaongeza madhara pote pawili.

Zailazini ipo kila mahali. Kwa nini isitumike kumtuliza?

Kwa sababu inamfanya mbwa ajikamue kutapika, inalegeza mfuko ukazidi kujaa hewa, na inapunguza damu inayosukumwa na moyo. Mchanganyiko wa zailazini na ketamini unaozoeleka katika kuhasi mbwa, kwa mgonjwa huyu ni hatari. Asepromazini nayo inatanua mishipa na kuporomosha presha.

Kulaza usingizi kwa upasuaji, ketamini miligramu 5 kwa kilo pamoja na diazepamu miligramu 0.25 kwa kilo inafaa zaidi. Kwa mbwa wetu ni ketamini 180 na diazepamu 9, ila ianze na nusu na iongezwe hadi taya zilegee. Mgonjwa wa shoku mara nyingi hahitaji dozi nzima. Mpira wa kupumulia wenye puto uingizwe mara moja, puto lijazwe, kwa maana tumbo likishikwa maji machafu yanaweza kurudi koo na kuingia mapafuni.

Hewa inatolewaje?

Njia mbili. Ya kwanza ni mpira wa kupitia mdomoni. Pima kutoka ncha ya pua hadi ubavu wa mwisho, weka alama kwa plasta, na usipite alama hiyo. Bandeji iliyoviringishwa iwekwe katikati ya meno, mdomo ufungwe juu yake, na mpira uliopakwa mafuta ya kulainisha upite kwenye tundu la katikati ya bandeji. Ukifika kwenye mlango wa mfuko utakwama. Uzungushe taratibu, puliza hewa kidogo kwenye mpira, mbadilishe mbwa mkao kwa kumkalisha. Ukikataa, acha. Umio unaopasuka kwa kulazimishwa ni msiba mkubwa kuliko ule uliokuleta.

Njia ya pili ni sindano. Nyoa sehemu ya kiganja kimoja nyuma ya mbavu, mara nyingi upande wa kulia, ila mwongozo wako uwe mlio: palipo na ngoma kubwa kuliko kwingine ndipo pa kuchoma, na palipo na mlio bubu paepukwe. Safisha kama unavyosafisha kwa upasuaji. Kanula ndefu ya kijivu au ya chungwa ichomwe moja kwa moja, sindano itolewe, plastiki ibaki. Utasikia hewa ikitoka na utanusa harufu yake. Ikitoka damu badala ya hewa, ondoa na utafute pengine. Mara nyingi, baada ya sindano kupunguza presha, mpira uliokuwa umekataa unapita.

Mpira ukipita, toa majimaji na uoshe mfuko kwa maji ya uvuguvugu huku kichwa kikiwa chini kuliko mwili. Tazama kinachotoka: maji meusi yenye chembe za damu iliyogandiana yanakuambia utando wa ndani umeshaumia.

Mpira umepita bila shida. Basi hajajisokota?

Hapana, haithibitishi hivyo. Mpira unaweza kupita kwenye mfuko uliozunguka nusu duara au zaidi, na unaweza kukwama kwenye mfuko uliojaa hewa tu bila kuzunguka. Jibu linatoka kwenye eksirei, nayo ipigwe mbwa akilala upande wa kulia. Kwa mbwa mzima, mlango wa kutokea wa mfuko uko chini kulia na kwa mkao huo unajaa majimaji. Ukijisokota, mlango huo unahamia juu kushoto, na hewa inakaa ndani yake: picha inaonyesha mifuko miwili ya hewa iliyotenganishwa na ukanda mweupe. Picha ipigwe baada ya dripu na kutoa hewa, kwa sababu kumvuta mbwa wa shoku juu ya meza ya eksirei kunaweza kummaliza.

Tumbo limepungua, amesimama, anatingisha mkia. Bado apasuliwe?

Ndiyo, na hili ndilo swali linaloamua maisha ya mbwa wengi. Mfugaji anaona nafuu na kuomba kwenda nyumbani. Nafuu hiyo ni ya mzunguko wa damu tu.

Turudi kwa mbwa wa Raskazone. Baada ya robo ya kwanza ya maji mapigo yalishuka hadi 160, baada ya sindano yakawa 138, ufizi ukarudi pinki. Lakteti ya damu, ambayo hupanda pale tishu zinapokosa hewa safi, ilikuwa 6.8 alipofika na ikawa 3.1 baada ya saa moja na nusu. Mabadiliko hayo yanafurahisha, na kushuka kwa zaidi ya nusu ni ishara bora kuliko namba ya kwanza peke yake. Lakini eksirei yake ina mifuko miwili ya hewa. Hewa imetoka, msokoto upo palepale.

Mfuko uliobaki umezunguka utajaa tena ndani ya saa chache, kwa kuwa milango yote miwili imekunjwa. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Pili, mishipa ya ukuta na ya wengu bado imepindwa. Sehemu ya ukuta inaweza kuwa inakufa wakati mbwa anatingisha mkia, na kupasuka baadaye maji ya tumboni yakamwagika. Hakuna eksirei wala kipimo cha damu kinachoonyesha kwa uhakika ni kiasi gani cha ukuta kimekufa. Unajua kwa kufungua na kutazama. Tatu, hata mfuko ukijirudisha wenyewe, usiposhonwa mahali pake ugonjwa hurudi kwa zaidi ya nusu ya mbwa, wengine ndani ya siku chache. Ukishonwa, kurudi kwa msokoto kunakuwa jambo la nadra.

Kwa sababu hizo dripu na sindano ni maandalizi ya upasuaji. Lengo lake ni kumfikisha mezani akiwa na presha inayostahimili usingizi, kisha kuingia bila kuchelewa. Kumsubirisha hadi kesho ili "apate nguvu" ni kuuacha ukuta ukiendelea kukosa damu.

Ndani ya upasuaji kunafanyika nini hasa?

Mkato ni wa katikati, kuanzia kwenye ncha ya kidari hadi nyuma ya kitovu. Ukifungua na ukakuta utando wa mafuta umeufunika mfuko kwa mbele, msokoto umethibitika. Mfuko ukiwa bado umejaa, hewa itolewe kwanza, maana mfuko mgumu haugeuki. Kisha mkono wa kulia ufuate hadi upande wa kushoto juu, ushike mlango wa kutokea na kuuvuta uje juu ya jeraha na upande wa kulia, huku mkono wa kushoto ukisukuma mwili wa mfuko chini kuelekea mgongoni.

Baada ya kurudi, subiri dakika 5 hadi 10 kabla ya kuhukumu rangi. Nyekundu iliyoiva na zambarau mara nyingi hupona. Kijani, kijivu na nyeusi havirudi. Bana ukuta kwa vidole viwili: ule mzima ni mnene na unahisi utando wa ndani ukiteleza, uliokufa ni mwembamba kama umebana kitambaa. Sehemu inayoathirika zaidi ni ya juu, kwenye ukingo mkubwa, palipokuwa na mishipa mifupi iliyokatika. Ikibidi kukatwa, ikatwe hadi kwenye ukuta unaotoa damu nyekundu, na kushonwa tabaka mbili. Wengu uliovimba mara nyingi hupona wenyewe baada ya mfuko kurudishwa. Uliojisokota kwenye mishipa yake na kuganda uondolewe bila kuunyoosha kwanza, ili sumu zilizokwama zisiachiwe mwilini.

Mwisho ni kushona mfuko kwenye ukuta wa tumbo. Mkato wa sentimita 4 hadi 5 unafanywa kwenye tabaka za nje za sehemu ya mfuko iliyo karibu na mlango wa kutokea, bila kufika utando wa ndani, na mwingine kama huo kwenye msuli wa ndani wa ukuta wa kulia, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya ubavu wa mwisho. Kingo za mikato hiyo zinashonwa pamoja kwa uzi namba 2-0 unaoyeyuka polepole, ukingo wa mgongoni ukitangulia. Mkato usiende mbele ya ubavu wa mwisho, kwani hapo kiwambo kimeshika na kifua kinaweza kuingiwa na hewa. Bila kuwa na mikato hiyo miwili, nyuso laini zikishonwa tu haziungani na uzi ukiyeyuka mfuko unakuwa huru tena.

Upasuaji umeisha salama. Nini kinaweza kuharibika?

Moyo. Damu iliyokuwa imekwama ikirudi inabeba taka zinazovuruga umeme wake, na mapigo ya hovyo huanza mara nyingi siku ya kwanza au ya pili. Ndiyo maana mbwa aangaliwe kwa siku 2 hadi 3 hata kama anakula. Pasipo mashine, sikiliza kifua huku mkono ukiwa pajani: pigo linalosikika kifuani lakini halifiki pajani ni pigo lisilo na faida.

Siyo kila pigo la hovyo linatibiwa. Yakiwa machache na presha ni nzuri, rekebisha maji, maumivu na potasiamu. Yakifululiza kwa kasi ya zaidi ya 180, au mbwa akilegea, mpe lidokaini miligramu 2 kwa kilo taratibu mshipani. Kwa kilo 36 ni miligramu 72, sawa na mililita 3.6 za dawa ya asilimia 2. Soma chupa kabla ya kuvuta: lidokaini ya meno mara nyingi ina adrenalini, na hiyo ikiingia mshipani hapa inaweza kuua. Ikifanya kazi, endelea na dripu ya mikrogramu 50 kwa kilo kwa dakika, ambayo kwake ni mililita 5.4 za dawa hiyohiyo kwa saa. Kutetemeka na kutapika ni dalili ya kuzidisha. Lidokaini isipofanya kazi kabisa, tuhumu potasiamu ya chini.

Nipo mbali na daktari anayepasua. Je?

Adungwe kanula, apewe maji, atolewe hewa hapo alipo, halafu asafirishwe kanula ya tumboni ikiwa imefungwa kwa plasta au mpira ukiwa tayari kurudiwa njiani, na mtu amtazame muda wote. Safari ndefu, kama ya Tanga hadi Dar es Salaam, ni ya kubahatisha, na mfugaji aambiwe hivyo wazi. Pale ambapo hakuna upasuaji utakaofikiwa kwa wakati, au ukuta wa mfuko umekutwa umekufa hadi kwenye mlango wa umio, kumlaza kwa amani ni uamuzi wa huruma na daktari asione aibu kuutaja.

Nizuieje kabla?

Gawanya chakula mara mbili au tatu kwa siku badala ya sinia moja la ugali jioni. Mbwa anayekula kwa pupa alishwe peke yake, mbali na wenzake anaoshindana nao. Bakuli liwekwe chini, kwa sababu kuliinua hakujathibitika kusaidia na kuna utafiti ulioihusisha na hatari kubwa zaidi. Mbwa ambaye mzazi au ndugu wa tumbo moja alipata ugonjwa huu yuko hatarini kuliko wengine, na asizalishwe.

Kwa mbwa wa aina hiyo, mwombe daktari amshone mfuko wakati uleule anapomfunga kizazi: tumbo liko wazi tayari na kazi inaongeza dakika chache. Dume anaweza kufanyiwa siku anapohasiwa, kwa mkato wa ziada. Ujue tu kwamba mfuko ulioshonwa bado unaweza kujaa hewa. Kilichozuiwa ni kuzunguka. Akivimba baadaye, mlete usiku uleule. Safari hii mara nyingi mpira utatosha.